Hollow Knight, The Lost Crown au Metroid Dread: ipi uchague kama hutaki kupotea

Ukinunua gemu ya aina ya metroidvania, unanunua ramani iliyojaa milango ambayo bado huwezi kuifungua. Unaona ukingo ulio juu kuliko uwezo wako wa kuruka, bonde la miiba lililo pana mno, au sakafu yenye nyufa ambayo upanga wako hauivunji. Unaendelea na safari, unapata uwezo mpya mbele ya safari, kisha unarudi. Kurudi huko ndiko kunakoamua kama gemu itakupendeza au utaitupa baada ya wiki. Mtu anayepotea hajasahau kuruka wala kupigana. Amesahau aliuona wapi ule mlango.

Kwa hiyo kigezo changu cha kulinganisha gemu hizi tatu ni kimoja: nani anaikumbuka ile milango? Katika Metroid Dread, gemu yenyewe inakukumbushia. Katika Prince of Persia: The Lost Crown, umepewa kamera. Katika Hollow Knight, kazi hiyo ni yako. Michoro, muziki na ugumu wa mabosi vina nafasi yao, lakini hakuna hata kimoja kati ya hivyo kitakachokusaidia ukiwa umezunguka vyumba vilevile jioni nzima.

Ninapolinganisha, namfikiria mchezaji wa huku kwetu. Yuko Kisumu au Nakuru, anacheza kwa vipande vipande, saa moja hapa na mbili kule. Bando lake ni la kazi na la kuongea na watu, hivyo hawezi kufungua video ya nusu saa ya maelezo kila anapokwama. Tena video hizo zina ubaya wake hata ukiwa na bando la kumwaga: unauliza mlango mmoja, unaonyeshwa kumi, na bosi uliyekuwa ukimsubiri kwa hamu unamwona amekwisha kuuawa na mtu mwingine.

Metroid Dread: njia inafungwa nyuma yako

Hii ilitoka Oktoba 2021 na inachezwa kwenye Nintendo Switch. Kwa mtu anayeogopa kupotea, ndiyo rahisi kuliko zote, na sababu yake wengi hawaioni wanapocheza. Ukishaingia sehemu mpya, mara nyingi njia uliyopitia inazibwa. Ukuta unaanguka, au unashuka mahali ambapo huwezi kupanda tena kwa uwezo ulio nao. Unaweza kudhani umenaswa, kumbe umepunguziwa pa kutafuta. Badala ya ramani nzima, unabaki na vyumba vichache, na jibu limo ndani ya vyumba hivyo.

Ramani yake inajichora yenyewe na inaandika karibu kila kitu. Mlango unaohitaji Charge Beam, risasi inayokusanywa nguvu kabla ya kuachiwa, unawekewa alama yake, na ukiiteua alama hiyo kwenye ramani, milango yote ya aina ile inawaka pamoja. Maana yake ni kwamba siku utakapopata uwezo mpya, hukai kukumbuka. Unafungua ramani, unateua alama moja, unaona mahali pote pa kwenda. Sehemu yenye kitu kilichofichwa ambacho hujakiona inametameta. Unaweza pia kuweka alama zako mwenyewe.

Kinachokwamisha watu hapa si kurudi nyuma kwa mbali, ni kipande cha ukuta kinachovunjika ambacho hawajakipiga risasi. Dalili yake iko wazi ukiizoea. Umeingia sehemu mpya, nyuma pamefungwa, milango yote unayoifikia umeipita, na hakuna alama ya uwezo usiokuwa nao inayokuzuia. Hapo acha kuzunguka. Fungua ramani utafute chumba kinachoishia ghafla karibu na chumba kingine au karibu na nafasi tupu, nenda hapo, upige kuta, sakafu na dari. Jibu huwa karibu, hata kama macho yako yanakuambia ule ni ukuta mzima.

Mipaka yake ni miwili. Wa kwanza ni mashine: bila Switch, huna Dread. Wa pili ni kwamba raha ya kugundua inapungua kidogo. Unajiona shujaa aliyepasua njia, lakini mkono wa waliotengeneza gemu umekushika bega karibu muda wote. Mimi sioni kosa katika hilo kwa gemu ya kwanza ya aina hii. Mtu anajifunza lugha ya milango bila kuadhibiwa.

The Lost Crown: kamera mfukoni

Prince of Persia: The Lost Crown ilitoka Januari 2024, ikatengenezwa na studio ya Ubisoft ya Montpellier, Ufaransa. Iko kwenye PS4, PS5, Xbox, Switch na kompyuta, na mwaka 2025 ikaletwa hadi kwenye simu. Unamchezea Sargon, ndani ya Mlima Qaf.

Kitu ambacho gemu hii ilileta, na ambacho ningependa kila gemu ya aina hii ikiige, kinaitwa Memory Shards. Umefika mahali, umeona sanduku ng'ambo ya shimo usilolivuka. Unabonyeza chini kwenye vitufe vya mwelekeo vya pedi, gemu inapiga picha ya kile unachokiona na kuibandika kwenye ramani mahali hapohapo. Wiki mbili baadaye unafungua ramani, unaipitia ile alama, na picha inakuonyesha shimo lenyewe, miiba yake na upana wake. Sasa una uwezo wa kuchomoka hewani, unaitazama picha na kujua mara moja kama utatosha.

Tofauti na alama ya kawaida ni kubwa sana. Alama ya rangi inakuambia kulikuwa na kitu. Picha inakuambia kitu gani, na nini kilikushinda. Hiyo sehemu ya pili ndiyo inayosahaulika.

Picha hizo zina idadi, ingawa zinaongezeka kadiri unavyoendelea. Anayepiga picha kila kona anajikuta hana nafasi akifika mahali pa maana. Njia nzuri ni kupiga tu pale ambapo huelewi kizuizi kinataka nini, au unapoona zawadi kwa macho na huifikii. Mlango wa njia kuu hauhitaji picha, utaurudia tu. Na ukishafungua mahali, futa picha yake papo hapo, usingoje.

Mwanzoni gemu inakuuliza unataka kuongozwa au kujitafutia. Ukichagua kuongozwa, ramani inaonyesha pa kwenda na njia ambazo kwa sasa zimefungwa kwako. Ukichagua kujitafutia, inanyamaza. Unaweza kubadilisha katikati ya mchezo, na hapa ndipo ushauri wangu ulipo: anza kwa kujitafutia, na ukirudi baada ya mapumziko marefu washa mwongozo, uone unakotakiwa kuelekea, kisha uuzime tena. Huo ni msaada unaotoka ndani ya gemu, hauli bando, na haukusimulii hadithi ya mbele.

Hollow Knight: daftari ni lako

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndiyo gemu ambayo watu wengi huku wanaweza kuimudu. Ilitoka Februari 2017, ikatengenezwa na Team Cherry, studio ndogo ya Adelaide, Australia, na inakubali laptopu ya kawaida isiyo na nguvu kubwa ya michoro. Pia ndiyo inayopoteza watu zaidi kati ya hizi tatu.

Ramani yake inauzwa. Ukiingia eneo jipya huna ramani yoyote mpaka umpate Cornifer, mchora ramani, na unampata kwa kufuata karatasi zilizotapakaa chini na sauti yake anayovuma peke yake. Ramani anayokuuzia haijakamilika. Ili vyumba unavyovigundua vijichore, lazima ununue Quill, kalamu ya kuchorea, kwa Iselda, mkewe, pale kijijini Dirtmouth. Na hata hapo havijichori mpaka ukae kwenye benchi. Ili ujue uko wapi kwenye ramani, unanunua Wayward Compass, nayo inachukua nafasi moja ya hirizi ambayo ungeipa nguvu ya kupigana. Ninunue nini kwanza? Quill, kisha Compass, kisha alama za kubandika kwenye ramani. Vingine vyote dukani vinaweza kungoja.

Benchi basi lina kazi tatu: linakuponya, linachora ramani, na linashika mahali pako. Huku kwetu ambako stima hupotea bila kuaga, hiyo kazi ya tatu si ya kudharau. Ukigundua vyumba vitatu vipya na benchi liko karibu, rudi ukae kabla ya kuendelea.

Sasa milango. Chukua Forgotten Crossroads, eneo lililo chini ya Dirtmouth, ambalo kila mchezaji huliingia mapema. Ukizunguka pale mwanzoni utakutana na vizuizi vya namna mbalimbali, na gemu haiandiki chochote. Kosa la kawaida ni kuandika kwenye daftari "hapa siwezi kupita". Baada ya wiki, maneno hayo hayana maana. Usiandike kwamba umeshindwa, wala usibahatishe jina la uwezo usioujua. Andika kizuizi kinadai nini. Ukurasa wa mchezaji aliyetulia ungekuwa hivi:

Crossroads, magharibi: mdudu mkubwa wa gamba ameziba njia, upanga haumwingii akijifunga. Anataka kupigwa kwa mbali.
Crossroads, shimo refu la katikati: kingo juu, ukuta mtupu. Panataka kupanda ukuta.
Crossroads, mashariki: chumba cha giza. Panataka taa.
Crossroads: sakafu inayolia tupu ukiikanyaga. Inataka kupigwa kutoka juu kwa nguvu.

Sasa tuupitie. Ukiendelea kutafuta ndani ya Crossroads yenyewe, utafika Ancestral Mound, ambako konokono mganga anakupa Vengeful Spirit, mpira wa nguvu unaorushwa mbele. Ukitaka kutoka, unakuta njia imezibwa na mdudu wa gamba aliye sawa kabisa na yule wa magharibi. Unamrushia, anakufa, unatoka. Gemu imekufundisha bila neno moja. Na hili ni la kushika kwa metroidvania zote: mahali unapopewa uwezo, njia ya kutokea huwa ni somo la kuutumia. Kikague kizuizi cha kutokea, halafu fungua daftari utafute kinachofanana nacho. Hapa mstari wa kwanza unajijibu: magharibi. Unamwondoa yule mdudu, unaingia Greenpath.

Mwisho wa safari ya Greenpath unapigana na Hornet, na baada yake unapata Mothwing Cloak, uwezo wa kuchomoka mbele kwa kasi, hata hewani. Hapa ndipo wengi hukwama kweli. Wanasoma daftari, na mstari wa kupanda ukuta bado haujajibika, wa taa bado, wa sakafu bado. Wanaanza kuzunguka Greenpath wakidhani wameacha kitu. Lakini uwezo wa kuchomoka unajibu swali la mabonde mapana, na eneo linalofuata, Fungal Wastes, liko chini ya Crossroads. Ukiwa umeandika mashimo mapana uliyoyaacha, jibu lingekuwa kwenye ukurasa. Ndiyo maana nasisitiza kuandika hata pengo ambalo ulilipuuza kwa sababu halikuwa na zawadi ng'ambo. Pengo lisilo na zawadi mara nyingi ni barabara.

Ndani ya Fungal Wastes, kwenye Mantis Village, unapata Mantis Claw, uwezo wa kung'ang'ania na kupanda ukuta. Si lazima uwapige wale mabwana watatu wa kijiji kwanza. Uwezo uko kwingine kijijini humo. Ghafla mistari mingi ya daftari inafunguka kwa pamoja, na hapo mtu anafanya kosa la pili: anarudi Crossroads mara moja kuokota kila kitu. Pinga hamu hiyo. Mlango wa magharibi wa City of Tears uko hapohapo Fungal Wastes, na ule ufunguo wake, City Crest, ulishaupata kwa bosi False Knight kule Crossroads. Huo si uwezo, ni kitu cha kubeba, na watu husahau kwamba wanacho. Nenda mjini kwanza, ufungue kituo cha Stag, yule mdudu mkubwa anayebeba abiria. Kisha rudi nyuma ukiwa na usafiri. Kurudi kule kwa miguu, halafu kurudi tena kwa miguu, ndiko kunakowafanya watu waseme gemu inachosha.

Mstari wa taa nao una funzo lake. Chumba cha giza upande wa mashariki kinaelekea Crystal Peak. Taa, Lumafly Lantern, haipatikani kwa bosi. Inauzwa na mwenye duka, Sly, pale Dirtmouth kwa geo 1800, yaani sarafu za humo ndani, baada ya kumwokoa Crossroads. Lakini ukishapata Desolate Dive, pigo la kushuka kwa nguvu, kwa bosi Soul Master kule City of Tears, ule mstari wa nne wa sakafu unajibika, na sakafu mojawapo ya Crossroads inakuingiza Crystal Peak kwa mlango mwingine. Kufuli moja, funguo mbili. Kwa hiyo kizuizi kikikushinda, usidhani gemu inakudai kitu kimoja tu. Zungusha jicho kwenye kingo zote za eneo lile kwenye ramani, uone kama linapakana na mahali pengine ulipopita.

Kuna jamaa tunayekutana naye kwenye banda la gemu pale Kondele, kijana wa chuo, ambaye aliniuliza swali ambalo nalisikia sana. "Omera, nitajuaje kama nimefungiwa au mimi ndiye sijui kupigana?"

Nikamwuliza, "Ukimpiga, anaumia?"

"Anaumia, lakini ananimaliza haraka."

"Basi hujafungiwa. Huyo ni mgumu tu. Muache, uende upande mwingine, urudi ukiwa na nguvu."

Ndivyo ilivyo. Kizuizi cha uwezo hakibadiliki hata ukijaribu vizuri zaidi: ukingo unabaki juu kwa kiasi kilekile. Ukiona jaribio la pili limekufikisha mbali kuliko la kwanza, tatizo ni ustadi. Ila Hollow Knight ina utata kidogo hapa, kwa kuwa unaweza kupiga upanga chini na kudunda juu ya miiba na maadui, na wachezaji wazoefu huvuka hivyo mahali ambapo mgeni anangoja uwezo. Kipimo changu ni hiki: ikiwa kuvuka kunadai kudunda juu ya adui kwa bahati, bila nafasi ya kukosea, andika kwenye daftari uendelee na safari. Gemu haikukudai hilo.

Kuhusu alama za ramani zenyewe, nimekuwa nikitumia rangi moja kwa kila aina ya dai: moja kwa kupanda, moja kwa sakafu, moja kwa asidi. Asidi usiisumbukie mapema. Isma's Tear inayokuwezesha kuogelea humo inakuja mbali sana, Royal Waterways, na mabwawa ya asidi utayaona tangu Greenpath.

Sasa uchague ipi

Kama una laptopu tu, na uko tayari kukaa na daftari kando, chukua Hollow Knight. Hakuna kati ya hizi inayokupa hisia kama ile ya kufungua ukurasa wa zamani na kuona mstari ulioandika kwa mkono wako mwenyewe umejibika. Lakini icheze angalau mara mbili tatu kwa wiki. Ukiiacha mwezi mzima, daftari litakuambia milango, halitakuambia ulikuwa unaelekea wapi, isipokuwa uwe umemaliza kila kikao kwa sentensi moja ya unakokwenda. Iandike kabla ya kuzima.

Kama unacheza kwa saa za kulipia kwenye PS4 ya banda, The Lost Crown inakufaa zaidi. Picha zinafanya kazi ya daftari, na mwongozo unakurudisha njiani haraka, jambo la maana saa ikiwa inahesabiwa. Mwombe mwenye banda akufungulie akaunti yako kwenye mashine na ucheze kwenye mashine hiyohiyo kila ukienda. Gemu ya mpira haijali nani alicheza kabla yako, lakini hii inahifadhi safari ndefu, na anayekuja nyuma yako akianza mpya juu ya safari yako, imekwenda.

Metroid Dread nampendekezea mwenye Switch tayari, au anayeweza kuazima ya ndugu. Sioni sababu ya kununua mashine kwa ajili yake peke yake.

Na yupo anayesoma hapa ambaye hapendi kurudi nyuma hata kidogo, anataka tu kuonja uwezo na hadithi. Huyo aitazame Tales of Kenzera: Zau ya mwaka 2024, iliyoongozwa na Abubakar Salim na kujengwa juu ya masimulizi ya Kibantu. Njia yake imenyooka zaidi kuliko hizi zote, vinyago viwili vya jua na mwezi unavyo tangu mapema, na unaweza kuichezea kwa sauti za Kiswahili. Akiimaliza na kujikuta anatamani milango mingi zaidi, basi aende The Lost Crown, aanze bila mwongozo.